Kabla Hujalifunika Jengo kwa Kioo

Mtu anayejenga jengo la biashara la ghorofa nne Dar es Salaam leo huletewa na mchoraji picha inayofanana na ya jirani yake: uso mzima wa kioo cha bluu, kutoka sakafuni hadi darini, na alminiamu nyembamba ikigawa miraba. Picha inavutia, na wapangaji wengi huipenda. Kotesheni ya fundi inataja kioo, fremu, silikoni na kazi ya kupandisha. Haitaji umeme wa viyoyozi utakaolipwa kila mwezi kwa sababu ya ukuta huo, na mwenye jengo naye haoni gharama hiyo, kwa kuwa luku hujaziwa na mpangaji. Ataiona siku mpangaji atakapoomba kodi ishushwe, au atakapohamia jengo lenye kuta za tofali mtaa wa pili.

Nimechukua ukuta mmoja tu wa jengo kama hilo, ule unaotazama magharibi, nikapiga hesabu ya njia nne za kuujenga. Nimechagua magharibi kwa makusudi. Huko ndiko jua linakoingia kwa ukali saa ambazo hewa ya nje imekwisha kuwa ya moto na watu bado wamo ofisini. Kama mbele ya kiwanja chako inatazama kaskazini au kusini, mambo ni mepesi zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane ni ukuta gani tunaouzungumzia. Wajenzi huuita ukuta wa pazia, kwa kuwa haubebi jengo. Nguzo na sakafu za zege ndizo zinazobeba. Fremu za alminiamu huning'inizwa kwenye kingo za sakafu, zikibeba uzito wake zenyewe na msukumo wa upepo basi. Faida zake ni za kweli: ni mwepesi kuliko tofali, unapanda haraka, na unakuachia sentimita kadhaa za nafasi ya ndani ambazo tofali lingezila. Tatizo linaanzia pale unapojazwa kioo mahali pote, kisha ukazibwa usiwe na dirisha hata moja linalofunguka.

Mwanga wa jua hupita kwenye kioo, ukafika kwenye meza, zulia na kuta za ndani, ukageuka kuwa joto. Vitu hivyo vikishapata moto hutoa mionzi ya aina nyingine, na hiyo kioo hakiipitishi. Joto limeingia, halitoki kwa njia liliyoingilia. Banda la kuoteshea miche hufanya kazi kwa kanuni hiyo, isipokuwa mkulima huweza kufungua pembeni hewa ipite.

Kiasi cha joto kinachopenya hupimwa kwa namba moja, nayo ndiyo namba muhimu kuliko zote kwa mnunuzi wa pwani. Kwenye karatasi ya maelezo ya kioo imeandikwa kwa herufi SHGC. Ni sehemu ya nishati ya jua inayoishia ndani ya chumba. Kioo cheupe cha kawaida cha milimita 6 kina takriban 0.8, maana yake asilimia 80 ya nishati iliyokipiga imeingia. Kioo cha rangi, cha kahawia au kijivu, kina karibu 0.6. Kile cha bluu kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia kinazunguka 0.5, kikitegemea kiwanda. Kioo cha tabaka mbili chenye utando maalumu wa kuzuia jua, ambacho kwenye karatasi huandikwa Low-E, kinaweza kushuka hadi 0.28 au chini zaidi.

Sasa tuchukue ghorofa moja yenye ukuta wa magharibi wa mita za mraba 40. Alasiri isiyo na mawingu ukuta huo hupigwa na jua la wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba, sawa na kilowati 24 kwa ukuta wote. Ukiweka kioo cheupe, kilowati 19 zinaingia. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile tunachokizoea ofisini, huondoa kilowati 3.5. Kwa hiyo unahitaji viyoyozi vitano na nusu kwa ajili ya jua la ukuta mmoja, kabla hujahesabu watu, kompyuta na hewa ya moto inayoingia mlangoni. Kwa kioo cha bluu kinachong'aa, kilowati 12 zinaingia, yaani viyoyozi vitatu na nusu. Kwa kioo cha tabaka mbili chenye utando, kilowati 6.7, viyoyozi viwili.

Njia ya nne ni ukuta wa tofali uliopakwa rangi nyeupe, wenye madirisha ya kioo cha rangi yanayochukua kama theluthi ya eneo, tuseme mita za mraba 14, na kivuli kimejengwa nje ya madirisha kikizuia theluthi mbili ya jua kabla halijagusa kioo. Hapo madirisha yanaingiza kilowati 1.7. Tofali nalo hupitisha joto, kilowati moja na kitu, ila huchelewa saa kadhaa kulifikisha ndani, na sehemu kubwa hufika watu wakiwa wamekwisha kwenda zao. Kiyoyozi kimoja kinatosha.

Tuhamie kwenye shilingi. Kwa mwaka mzima, kukiwa na siku za mawingu na masika ndani yake, nimekadiria kwamba kila mita ya mraba ya ukuta wa magharibi hupata uniti 2 za nishati ya jua kwa siku, na ofisi hufanya kazi siku 300. Kiyoyozi cha hali nzuri huondoa uniti tatu za joto kwa kutumia uniti moja ya umeme. Umeme nimeuweka shilingi 350 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo. Kama bei yako ni tofauti, badilisha namba hiyo tu, hesabu nyingine inabaki.

Kioo cheupe kitakula umeme wa shilingi 2,240,000 kwa mwaka, kwa ghorofa hiyo moja. Kioo cha bluu kinachong'aa, 1,400,000. Tabaka mbili zenye utando, 784,000. Ukuta wa tofali na madirisha yenye kivuli, takriban 270,000, joto linalopita kwenye tofali likiwamo. Zidisha kwa ghorofa nne na utaona tofauti kati ya picha ya mchoraji na ukuta wa tofali inafika shilingi milioni nne na nusu kila mwaka, kwa upande mmoja wa jengo.

Bei za kioo siziandiki hapa, kwa kuwa hubadilika na dola na shehena. Nitakuachia kipimo badala yake. Kati ya kioo cha bluu na kile cha tabaka mbili chenye utando kuna tofauti ya shilingi 616,000 za umeme kwa mwaka kwa mita za mraba 40, yaani shilingi 15,400 kwa kila mita ya mraba. Kwa miaka kumi ni 154,000. Ongeza bei ya kiyoyozi kimoja na nusu ambacho hutakinunua, ukiigawanya kwa mita za mraba 40. Fundi akikuambia kioo cha pili kinazidi cha kwanza kwa kiasi kilicho chini ya hapo, chukua cha pili. Kikizidi sana, fedha hiyo iweke kwenye kivuli cha nje, kwa sababu kivuli kinaleta punguzo kubwa zaidi na hakihitaji kuagizwa kutoka China.

Hapa lazima nizungumzie neno linalowagharimu watu wengi: dabo. Muuzaji husema kioo ni dabo, na mnunuzi anaridhika kwamba amepata cha kuzuia joto. Vioo viwili vyeupe vyenye hewa katikati vina SHGC ya karibu 0.7. Vinaingiza jua zaidi kuliko kioo kimoja cha bluu kinachong'aa, na vina bei kubwa zaidi.

Sababu ni kwamba hewa iliyonaswa kati ya vioo viwili huzuia joto linalosafiri kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi. London mwezi Januari, ndani nyuzi 21 na nje nyuzi 2, safari hiyo ndiyo inayomaliza fedha za mwenye nyumba. Dar alasiri, nje ni nyuzi 32 na ndani umeweka 25. Tofauti ni nyuzi saba. Kioo kimoja cha kawaida kwa tofauti hiyo hupitisha wati 41 kwa mita ya mraba, wakati jua peke yake linapenyeza wati 300 kupitia kioo cha bluu. Mnunuzi wa Dar akilipia hewa ya katikati bila utando, amelipia dawa ya ugonjwa wa London. Utando ndio wenye thamani kwake, na utando unahitaji vioo viwili hasa kwa ajili ya kuulinda usikwaruzwe wala kuliwa na unyevu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mnara wa kioo ni mzuri au mbaya, namuuliza unasimama wapi. Mahali penye miezi mirefu ya baridi, jua linaloingia Februari ni msaada. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, jua ni kali vilevile na ukuta wa magharibi unachoma vilevile, lakini hewa ya nje ni ya baridi asubuhi na usiku, na dirisha linalofunguka hutoa joto lote bure. Dar mwezi Desemba usiku una nyuzi 25 na unyevu juu yake. Joto lililoingia jioni halina pa kwenda ila kwenye kiyoyozi. Umeme ukikatika katika jengo lililozibwa, na jenereta ikawa haivuti viyoyozi, ofisi haikaliki.

Tena hata nchi za baridi ziliadhibiwa zilipokosea. Le Corbusier alijenga Paris jengo la Jeshi la Wokovu liitwalo Cité de Refuge, likafunguliwa mwaka 1933, upande wake wa kusini ukiwa kioo kitupu kisichofunguka. Alikusudia kioo cha tabaka mbili chenye hewa inayopitishwa katikati na mtambo wa kupoza. Fedha hazikutosha, vikaachwa. Kiangazi wakazi wakaokwa. Baadaye, jengo lilipokarabatiwa baada ya vita, uso ule uliwekewa vizuia jua vya zege kwa nje, na madirisha ya kufunguka. Kilichofanya minara ya kioo isambae baada ya hapo, kuanzia Lever House ya New York mwaka 1952, ni kiyoyozi cha bei ya kuwezekana. Umbo lilisafiri hadi kwetu likiwa limeshaambatana na mashine yake.

Wajenzi wa Dar wa miaka ya hamsini na sitini walijua kivuli. Tembea mitaa ya katikati ya mji na uangalie majengo ya zege ya enzi hizo: vibaraza virefu, mapezi ya zege mbele ya madirisha, kuta za matofali yenye matundu kwenye ngazi. Mengi yamechakaa, mengine yamejazwa viyoyozi vinavyodondosha maji kwa wapita njia, lakini ukiingia alasiri katika chumba ambacho mapezi yake hayajavunjwa utahisi tofauti.

Kivuli kina hesabu yake, na Dar, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ina bahati upande wa kaskazini na kusini. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Kibaraza kinachotokeza sentimita 87 kinafunika dirisha lenye kimo cha mita moja na nusu kwa jua hilo. Desemba jua liko kusini na juu zaidi, nyuzi 73, na sentimita 45 zinatosha. Hivyo kwa pande hizo mbili ukingo wa sakafu uliorefushwa kidogo unamaliza sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana mwenye kiwanja kirefu anashauriwa aelekeze nyuso ndefu za jengo kaskazini na kusini, na ngazi, lifti na vyoo avitupe mashariki na magharibi.

Magharibi kibaraza hakifui dafu. Ikikaribia saa kumi na nusu jioni jua liko nyuzi 30 tu juu ya upeo, na dirisha lilelile la mita moja na nusu lingehitaji kibaraza cha mita 2.6. Saa moja baadaye hata mita tano hazitoshi. Wengi hukimbilia mapezi ya wima yaliyosimama pembe mraba na ukuta, kisha wanashangaa kwa nini jua bado linaingia. Karibu na ikweta jua la jioni huja uso kwa uso na ukuta wa magharibi, likapita katikati ya mapezi hayo bila kuyagusa. Yanatakiwa yalazwe. Kwa Dar yalaze yafunge upande wa kusini-magharibi, kwa kuwa miezi ya joto kali, Novemba hadi Februari, jua huzama upande huo, na acha macho yatoke kuelekea kaskazini-magharibi, ambako jua huzama katikati ya mwaka wakati kipupwe kimeshapoza mji. Anayetaka njia ya bei ndogo ajenge skrini ya matofali yenye matundu, mbali na kioo kwa nusu mita au zaidi ili hewa ya moto ipande na kutoka juu.

Mwenye fedha nyingi anaweza kuitazama Abu Dhabi. Minara miwili ya Al Bahar, iliyokamilika mwaka 2012, ni ya kioo, ila mbele ya kioo kuna miavuli zaidi ya elfu moja kwa kila mnara, yenye umbo lililotokana na mashrabiya, skrini za jadi za madirisha ya Kiarabu, inayofunguka na kujikunja jua linapozunguka. Upande wa kaskazini haikuwekwa, kwa sababu huko hakukuwa na jua la kuzuia. Hilo la mwisho ndilo la kuiga kwetu: kivuli kilipiwe pale kinapohitajika. Mashine zenyewe, kwa chumvi ya bahari na mafundi wa matengenezo tulionao, sizipendekezi.

Mapazia ya ndani hayaingii katika ulinganisho huu. Yanaondoa mng'ao machoni, lakini jua likishavuka kioo limeshaingia, na pazia linapata moto na kuutoa chumbani. Halafu mkasa wa pili: pazia likishushwa, taa zinawashwa. Kioo cha bluu kinachong'aa chenyewe hupitisha mwanga kidogo, mara nyingi chini ya theluthi moja, hivyo ofisi ya kioo kitupu huishia kuwasha taa mchana kweupe. Na kioo kilicho chini ya kimo cha meza hakiongezi mwanga wa kufanyia kazi. Kinaangaza miguu na nyaya. Mwenye kupenda sura ya kioo aombe sehemu hiyo ya chini, sentimita 80 au 90 hivi, iwe kioo kilichopakwa rangi kwa nyuma na kuwekewa sufi ya kuzuia joto. Kutoka barabarani ukuta utaonekana ni kioo kizima, na robo ya jua itakuwa imekatwa.

Ukishanunua, hakikisha umeletewa ulicholipia, kwa sababu utando hauonekani kwa macho. Kabla kioo hakijapandishwa, simama upande utakaokuwa nje na usogeze kiberiti cha gesi kilichowaka karibu nacho. Katika kioo cha tabaka mbili utaona taswira nne za moto, mbili kwa kila kioo. Moja ikiwa na rangi tofauti na nyingine, huo ndio uso wenye utando. Zote nne zikiwa na rangi moja, umeletewa dabo tupu. Kwa nchi yetu rangi tofauti inapaswa kuwa ya pili kutoka nje, ili joto lizuiwe kabla halijavuka pengo la hewa. Kikipachikwa kinyumenyume kitaingiza jua zaidi ya ilivyoandikwa, na fundi asiyejua hatagundua. Baada ya miaka ukiona ukungu katikati ya vioo viwili, gundi ya pembeni imeachia na unyevu umeanza kuula utando. Hakuna kusafisha, ni kubadilisha.

Wanaopanga ofisi wana kipimo rahisi zaidi. Nenda kuiona saa kumi alasiri, siyo asubuhi dalali anapopenda kukupeleka, na ukae dakika kumi kwenye meza iliyo jirani na kioo cha magharibi. Angalia kiyoyozi kimewekwa nyuzi ngapi. Kikiwa 18, walio karibu na kioo bado wanatoka jasho na walio ndani wamevaa sweta, umeshaona bili yako. Omba rekodi ya luku ya mpangaji aliyetangulia kabla ya kusaini.

Na aliye na jengo tayari? Stika za kubandika kwenye kioo ni za bei nafuu na zinasaidia kiasi, ila zile nyeusi zinazobandikwa ndani hunyonya joto na kulitunza kwenye kioo. Kioo kikiwa nusu juani na nusu kivulini kinaweza kupasuka kuanzia ukingoni, kwa hiyo mwombe muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba stika inafaa aina na unene wa kioo chako. Skrini ya nje inaweza kuongezwa hata baada ya miaka kumi. Ifungwe kwenye kingo za sakafu za zege kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, kamwe isifungwe kwenye fremu za alminiamu, kwa kuwa zilipimwa kubeba kioo na upepo wake tu. Acha pia nafasi ya mtu kupita kati ya skrini na kioo, maana vumbi na chumvi vitahitaji kuoshwa.